Mali ovyo, herufi nne

Tunda tumboni mwa mtembezi (4)

Jibu liko mbele ya macho yako na sikutanii. Limeandikwa hapo juu, herufi kwa herufi, kwa mpangilio wake. Kama umeanza kuwaza njaa, au msee aliyetembea toka Kasarani hadi tauni bila hata ndizi mfukoni, basi nimekupata. Hiyo ndiyo kazi ya sentensi kama hii, kukupeleka kwingine.

Sasa sahau hadithi. Usiisome kama sentensi, itazame kama kitambaa kilichoshonwa kwa vipande viwili, halafu tafuta mshono. Kata baada ya neno la kwanza. Upande mmoja unabaki na "tunda". Upande wa pili unabaki na "tumboni mwa mtembezi". Ingia tumboni mwa neno lenyewe, m-t-e-m-b-e-z-i, utoe e-m-b-e. Embe. Na embe ni tunda. Ile nne kwenye mabano ni idadi ya herufi, na imetimia.

Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi zile chemshabongo ngumu za magazeti ya Kiingereza, zile ambazo watu wengi huziruka wakatafuta Sudoku. Kila kidokezo kina vitu viwili. Kuna maana ya jibu, kama ambavyo kamusi ingeitoa. Halafu kuna mchezo wa herufi unaojenga jibu hilohilo kwa njia nyingine kabisa. Maana hukaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa. Haijifichi katikati. Kwa hivyo swali la kwanza si "hii sentensi inasema nini?" Swali la kwanza ni "nikate wapi?"

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiweka kidokezo kimoja cha Kiswahili kila jioni, na kuna komenti moja hairudi nyuma hata niifute: eti huu ni mchezo wa Kiingereza, Kiswahili kimenyooka mno, husomwa kama kinavyoandikwa, hakina pa kuficha kitu. Wengine wanaongeza kwamba mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hana biashara ya kufundisha watu lugha. Hiyo ya pili naiacha. Hiyo ya kwanza nitaijibu kwa maneno mawili.

Mali ovyo.

Neno "ovyo" ni ishara. Linakwambia kwamba neno lililo jirani yake limevurugwa, herufi zake zipangwe upya. Sasa chukua m, a, l, i. Unaweza kupata nini? Lima. Mila. Lami. Imla, ile ya darasani mwalimu akisoma nanyi mnaandika. Ukihesabu na mali yenyewe, herufi nne zimezaa maneno matano ambayo kila mtu hapa anayajua. Kiswahili kina silabi wazi, konsonanti na vokali zinapishana kama miguu ya mtu anayetembea, kwa hivyo ukipangua herufi unaangukia neno halali mara kwa mara bila kujikaza.

Ila utajiri huo una hatari yake. Nikikwambia "mali ovyo" peke yake, sijakuuliza kitu. Una majibu manne na huna sababu ya kuchagua moja. Ndipo maana inapoingia. Cheki hivi:

Mali ovyo hufunika barabara (4)
Mali ovyo ni desturi (4)
Mali ovyo? Shika jembe! (4)
Mali ovyo: mwalimu husoma, sisi huandika (4)

La kwanza ni lami. La pili ni mila, na lile "ni" katikati ni gundi tu, linasema mchezo huu ni sawa na maana ile. La tatu ni lima. La nne ni imla. Mchezo ni uleule mara nne, neno kwa neno, na majibu hayafanani. Ukiwa umeng'ang'ania hadithi, utaona pesa za umma zikimwagwa barabarani, utaona nchi iliyozoea ubadhirifu, utaona mzazi anayemfokea mwanawe arudi shamba. Mimi naipenda sana ile ya jembe, kwa sababu alama ya kuuliza inakuvuta uamini kwamba ni ushauri. Alama za uakifishaji ni waongo wakubwa katika mchezo huu. Koma, nukta mbili, mshangao, zote zifute kichwani kabla hujaanza.

Angalia pia jinsi maana ilivyovaa. "Shika jembe" ni amri, na jibu lake "lima" ni amri. "Desturi" ni nomino, na "mila" ni nomino. Lazima vilingane hivyo. Kama maana ni kitenzi na jibu lako ni jina la kitu, umekata mahali pabaya, hata kama herufi zimetimia. Hicho ndicho kipimo cha haraka zaidi ninachokijua.

Wafuasi wangu walipoanza kunitumia vidokezo vyao, hiki kilikuja mapema sana: "Utajiri ovyo hufunika barabara (4)." Aliyetuma alifikiria vizuri kwa upande wake. Utajiri ni mali, mali ikivurugwa ni lami, basi. Lakini jiweke kwenye nafasi ya anayejibu. Anatakiwa kwanza akisie neno ambalo hajapewa, na utajiri unaweza kuwa mali, ukwasi, hata pesa, kisha alivuruge neno hilo ambalo hana uhakika nalo. Hiyo si chemshabongo, hiyo ni kumtuma mtu Gikomba kutafuta kiatu ambacho hujamwambia saizi wala rangi. Sheria ya watunzi wa Kiingereza hapa ni kali na mimi naikubali: ukitaka mtu apangue herufi, mpe herufi zenyewe waziwazi.

Sheria hizi hazikushuka mbinguni. Chemshabongo ya kwanza ya miraba ilitungwa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World mwaka wa 1913, na vidokezo vyake vilikuwa vya moja kwa moja, maana tu. Ni Uingereza walikoigeuza kuwa vita vya ujanja. Mtunzi aliyejiita Torquemada alianza kuzitunga katika gazeti la Observer mwaka wa 1926, na alikuwa mkatili. Aliyemrithi alijiita Ximenes, mwalimu kwa kazi yake ya mchana, na mwaka wa 1966 alitoa kitabu kilichoeleza kidokezo cha haki kinafaa kuwa na nini: maana iliyo sahihi, mchezo wa herufi ulio wa haki, na kisiwepo kitu kingine kinachoelea. Torquemada na Ximenes ni majina ya wakuu wa mahakama za kidini za Uhispania za zamani, wale waliotesa watu. Watunzi wa Uingereza wana ucheshi wa ajabu, manze.

Mimi mchezo huu niliupata kwa guka. Alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini Nakuru, na jioni alirudi na gazeti la Kiingereza ambalo wakubwa walikuwa wameshalimaliza. Shule aliiacha akiwa mdogo. Alijaza kwa kalamu ya wino, pole pole, na hakuwahi hata siku moja kutafuta gazeti la kesho yake ambamo majibu yalichapishwa. Nilimuuliza anajuaje kama amepata. Akaniambia, "Kwani wewe unasubiri nani akuambie?"

Nilikuja kuelewa baadaye, nilipoanza kutunga vyangu. Chukua kitendawili cha kawaida. Nyumba yangu haina mlango. Unasema yai, mwenye kutega anasema ndiyo, umepata. Ukisema jiwe, au nazi, anakataa na kudai umpe mji, na huna la kumjibu, kwa sababu ukweli anao yeye. Kidokezo cha aina hii hakimwachii mwenye kutega mamlaka hayo. Kina njia mbili zisizojuana, na zote mbili zinafika kwa jibu moja. Embe ni tunda, na embe imo ndani ya mtembezi. Hakuna profesa, hakuna mhariri, hakuna mtu wa komenti anayeweza kukuondoa hapo. Guka aliyeishia madarasa ya chini alikuwa na uhakika sawa na wa jaji aliyekuwa akijaza gazeti hilohilo mahali pengine. Njia moja ikikosa kufika, hata jibu likionekana tamu kiasi gani, bado hujapata.

Turudi kwa ile hoja ya kunyooka. Kuna jambo moja ambalo kweli linakifanya Kiswahili kiwe kigumu kwa mtunzi, na halihusiani na matamshi. Ni ngeli. Kiingereza ni lugha ya maneno yasiyovaa sare. Neno moja linaweza kuwa jina hapa na kitenzi pale bila kubadilisha hata herufi, kwa hivyo mshono unafichika kirahisi. Kiswahili kila neno linavaa rangi za bwana wake. Nilitumiwa hiki:

Ruka ovyo ipigwe baada ya miaka mitano (4)

Jibu ni kura. Herufi za "ruka" zimepangwa upya, na kura hupigwa kila baada ya miaka mitano. Wazo ni safi. Lakini ile "i" ya "ipigwe" imetoa siri yote. Msomaji anajiuliza, nini ipigwe? Ndani ya sentensi hakuna kitu cha ngeli hiyo, kwa hivyo anajua papo hapo kwamba "i" inaelekeza kwa jibu lenyewe, na mshono umeonekana kama uzi mweupe kwenye suti nyeusi. Dawa yake ni ndogo sana. Badilisha iwe "hupigwa". Kiambishi "hu" hakina ngeli, hakina nafsi, hakimjui mtu. Ruka ovyo, hupigwa kila baada ya miaka mitano. Sasa inasikika kama methali ya mtu mkorofi, na mshono umelala.

Ndiyo maana utaona "hu" kila mahali kwenye vidokezo vyangu, na ndiyo maana ishara zangu nyingi ni maneno kama ovyo, kombo, upya, shaghalabaghala. Hayavai sare ya mtu yeyote. Ukiyaona mahali ambapo sentensi ingeweza kuishi bila hayo, simama hapohapo.

Lakini sare hiyohiyo wakati mwingine humwokoa anayejibu, na hili Kiingereza hakiwezi kulifanya. Tuje kwa maneno ya kugeuza nyuma mbele. Anza na hiki:

Inama kinyumenyume upate utulivu (5)

Maana iko mwisho, utulivu. "Upate" ni gundi. Soma "inama" kutoka nyuma: a-m-a-n-i. Amani. Nilipoligundua hilo nilikuwa kwenye matatu ya kwenda Rongai na nilipiga kelele hadi kondakta akafikiri nimeibiwa simu.

Ujue pia kwamba kugeuza herufi katika Kiswahili kuna mpaka. Karibu maneno yetu yote yanaishia na vokali. Ukigeuza neno, vokali hiyo inakuwa mwanzo, na herufi ya kwanza inakuwa mwisho. "Kalamu" ikigeuzwa ni "umalak", takataka tupu. Kwa hivyo maneno yanayogeuka vizuri ni yale yanayoanza na kuishia kwa vokali. Inama na amani. Uma ukigeuzwa ni Amu, jina la kale la Lamu. Kwa anayejibu hii ni zawadi: ukishajua kidokezo ni cha kugeuza, unajua tayari kwamba kisanduku cha kwanza ni vokali na cha mwisho ni vokali, hata kabla ya kufikiri.

Sasa tazama hiki cha mfuasi mwingine:

Fedheha kinyume ushirika (4)

Fedheha ni aibu. Aibu ukiigeuza ni ubia, yaani ushirika wa kibiashara. Maneno mazuri sana hayo mawili kukutana kwenye kioo. Na hapa kutumia kisawe kunaruhusiwa, kwa sababu neno likigeuzwa linatoa jibu moja tu, si kama kuvuruga. Tatizo ni kwamba "kinyume" limekaa katikati na linaweza kushika upande wowote. Fedheha igeuzwe iwe ushirika? Au ushirika ugeuzwe uwe fedheha? Aibu au ubia, yote yanatimia, njia zote mbili zinafika kwa kila moja. Katika chemshabongo kamili ya miraba ungesubiri herufi za maneno yanayokatiza hapo zikuamulie. Kidokezo kikiwa peke yake, kimekufa. Watunzi wa Kiingereza huangukia shimo hili pia, na mara nyingi hawana la kufanya ila kusogeza ishara ikae pembeni.

Sisi tuna ngeli. Andika hivi:

Fedheha ikirudi, ushirika (4)

"Ikirudi" ni ya fedheha. Ushirika ungesema "ukirudi". Herufi moja tu, "i", imeshika shati la fedheha na kusema ni huyu ndiye anayerudi nyuma. Jibu ni ubia, na hakuna mjadala. Kitu kilekile kilichotoa siri ya kura kimekuja hapa kuwa shahidi. Ndiyo maana simkubalii mtu anayesema tunaiga tu. Sheria nimezikuta Uingereza, sawa, lakini hakuna Mwingereza aliyewahi kuhitaji kuuliza kama "ikirudi" inafungana na nani.

Na Kiswahili kina namna yake ya kugeuza iliyokuwepo bila kumsubiri Torquemada. Pwani kuna kusema kinyume, ambapo silabi ya mwisho inatangulizwa mbele, nyumba inakuwa mbanyu. Vijana wa mitaa ya Nairobi nao wamepindua silabi katika Sheng kwa mtindo huo ili wazazi wasishike. Hapa hutembezi herufi, unatembeza silabi, kwa hivyo ule mpaka wa vokali haupo. Kazi inakuwa zika. Mali inakuwa lima. Ila mtunzi akitumia njia hii ni lazima aseme, maana msomaji hawezi kujua kama ageuze herufi au silabi. Mimi huandika "kinyume cha Pwani":

Tia kaburini kazi, kwa kinyume cha Pwani (4)

Safari hii maana iko mwanzo. Tia kaburini, zika.

Kosa moja la mwisho, kwa sababu linakuja kila wiki. "Shika jembe ndani ya mkulima (4)." Ndiyo, "lima" imo ndani ya "mkulima". Imo kwa sababu mkulima ni mtu anayelima. Hujaficha kitu, umevua tu neno koti lake. Viambishi vyetu vinafanya hili liwe rahisi mno: mwimbaji ana imba, msomaji ana soma, na mtunzi mvivu anaweza kujaza ukurasa mzima hivyo. Mficho mzuri ni ule ambao neno la ndani na la nje hawajawahi kusalimiana. Embe haina undugu na kutembea. Bora zaidi ni jibu linalolala juu ya mpaka wa maneno mawili, mkia wa moja na kichwa cha jingine, kwa sababu jicho letu limefundishwa kusimama kwenye nafasi.

Hivi vitatu ni vya leo. Kimoja ni mficho, kimoja ni cha kugeuza herufi, kimoja ni cha Pwani. Kwenye komenti usiniandikie jibu pekee. Niandikie umekata wapi.

Pasi mbaya imeificha klabu ya Dar (5)

Azimu kurudi nyuma, jeruhi (5)

Siku, kwa kinyume cha Pwani, huleta upepo (4)